Maskini Mtoto na Mtoto Maskini: Mahali pa Kivumishi katika Kifaransa

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwa waongoza watalii wanaotumia Kifaransa, hapa Mji Mkongwe, Zanzibar. Wengi walikuwa kazini siku ile na wameniomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Asalamu aleykum, ndugu zangu. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni, sogeeni ndani, nafasi ipo.

Nianze na Kiswahili chetu wenyewe. Mkisikia mtu anasema "mtoto maskini", mnaelewa nini? Mtoto asiye na kitu. Kwao hakuna, sare imechanika, ada haijalipwa. Sasa mtu mwingine akipita akamwona mtoto ameanguka na baiskeli, analia, magoti yanavuja damu, anasema nini? "Maskini mtoto wa watu!" Je, ameuliza kwanza kama baba yake ana pesa? Hakuuliza. Hata angekuwa mtoto wa tajiri mkubwa kuliko wote Unguja, angesema vilevile. Maskini.

Neno ni lile lile moja. Limekuja nyuma, likaeleza hali ya mtoto. Limekuja mbele, likaeleza moyo wa anayesema.

Basi mmeshaijua nusu ya hotuba yangu. Mfaransa naye husema "un enfant pauvre", mtoto fukara, na husema "le pauvre enfant", maskini mtoto. Sisi tunalo neno moja la namna hiyo, na tunalitumia bila kufikiri. Wao wanayo mengi, na kwa baadhi yake ukikosea upande, umesema jambo jingine kabisa.

Sitaki mkariri orodha. Orodha mlizipewa shuleni, mkazikariri, mtihani ukapita, zikaenda. Nataka mshike jambo moja: kivumishi kikikaa nyuma ya nomino, kinachambua. Kinakuambia ni kitu gani kati ya vitu. "Une porte bleue": milango iko mingi, nazungumzia ule wa buluu. Ndiyo maana rangi, umbo, taifa, dini na vitenzi vilivyogeuka sifa, kama "sculpté" yaani kilichochongwa, vyote hukaa nyuma. Hapo sisi hatuna shida, kwa sababu Kiswahili kinaweka sifa nyuma: mlango mweusi, mlango mkubwa. Tukitoa "kila" na vichache vya namna hiyo, kwetu nomino ndiyo inayotangulia.

Kikikaa mbele, kivumishi hakichambui. Ama kinatoa hisia ya msemaji, kama maskini yetu, ama kinaingia ndani ya maana ya ile nomino na kuigusa humo. Hili la pili ndilo gumu, na ndilo linalotuumbua kazini. Nitalieleza kwa neno moja ambalo nyinyi mnalitamka kila siku kuliko mwalimu yeyote wa Kifaransa: "ancien".

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nafuatana na kijana mmoja aliyekuwa anajifunza kazi. Tumefika Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana. Nyote mnajua pale palikuwa nini. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na kanisa likajengwa papo hapo penye soko. Kijana akasimama mbele ya wageni wanane, akakunjua mkono vizuri, akasema: "Ici, c'est un marché ancien."

Wageni wakatazama kushoto, wakatazama kulia. Mama mmoja mtu mzima akauliza kwa upole kabisa: "Na mtu anaweza kununua nini hapa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Yule mama hakuwa na kosa lolote. Alijibu alichoambiwa. "Un marché ancien" ni soko, tena soko lenye umri. Sifa imekaa nyuma, imechambua: kuna masoko mapya na kuna masoko ya miaka mingi, hili ni la miaka mingi. Hakuna neno lolote katika sentensi ile linalosema soko limekwisha. Kwa hiyo mama wa watu alikuwa anatafuta karafuu na viungo.

Kijana alitaka kusema "l'ancien marché aux esclaves". Hapo "ancien" imetangulia. Imegusa nini? Haikugusa umri wa majengo wala mawe. Imegusa ule usoko wenyewe. Ni mahali palipokuwa soko, na sasa si soko tena.

Mmeuona mchezo? Ikiwa nyuma, kitu ni kikongwe. Ikiwa mbele, kitu kimeacha kuwa kile kitu.

Njooni tuijaribu na majumba ya Paris, maana wageni wenu wengi wamepita huko. Jumba la Elize, anapokaa Rais wa Ufaransa, lilimalizika kujengwa mwaka 1722. Ni kasri kongwe na bado linatumika kama kasri. Hilo ni "un palais ancien". Luvru nalo lilikuwa kasri la wafalme, lakini tangu 1793 ni makumbusho. Hilo ni "un ancien palais". Na Orsei, yale makumbusho ya michoro kando ya mto Seni? Ilikuwa stesheni ya treni, ilifunguliwa mwaka 1900, na makumbusho yakafunguliwa humo 1986. Ni "une ancienne gare". Ukisema "une gare ancienne", mgeni ataanza kutafuta ratiba ya treni.

Sasa rudini nyumbani. Beit el-Ajaib. Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa shughuli zake za kifalme. Baadaye ikawa ofisi za serikali, baadaye makumbusho, na Desemba 2020 upande mmoja ukaanguka, wote tunakumbuka siku ile. Mtasemaje kwa mgeni? Semeni wote. "Un ancien palais." Ndiyo. Hakuna sultani ndani, ukasri umekwisha.

Nawapeni kipimo, na kipimo hiki kiko ndani ya Kiswahili. Kabla hujafungua mdomo, jiulize: naweza kusema "iliyokuwa" au "aliyekuwa"? Iliyokuwa stesheni. Lililokuwa soko. Aliyekuwa waziri. Kama "aliyekuwa" inakaa vizuri, "ancien" iweke mbele: "l'ancien ministre". Kama unachotaka ni "kongwe" au "ya kale", iweke nyuma: "un meuble ancien", "une monnaie ancienne".

Na kwa nini nasisitiza mtumie "iliyokuwa" na siyo "ya zamani"? Kwa sababu "ya zamani" inatudanganya. Nikikuambia "huyu ni rafiki yangu wa zamani", nimesema nini? Huenda tumejuana miaka thelathini na jana usiku tulikuwa pamoja tukinywa kahawa pale Jaws Corner. Huenda pia tuligombana mwaka juzi na hatusalimiani. Kiswahili kinakuachia wewe ukisie kutokana na mazungumzo. Kifaransa hakikuachii. Wa kwanza ni "un vieil ami", urafiki ndio wenye umri, hata kama mwenyewe ni kijana wa miaka ishirini na tano. Wa pili ni "un ancien ami", urafiki umekwisha. Na kama unataka kusema rafiki yako ni mzee wa miaka, acha maneno yote mawili, sema "un ami âgé".

Tazameni tena pale: "vieil" imekaa mbele ya rafiki, na imegusa nini? Imegusa urafiki, haikumgusa mtu. Ile ile sheria.

Hapa kuna mtego ambao nimeukuta kwa waongozaji wazuri kabisa, watu wanaosema Kifaransa cha kunyooka. Mnawapeleka wageni Mbweni, mnawaeleza kwamba misheni iliwapa makazi watumwa walioachwa huru. "Watumwa wa zamani." Mtu anatafsiri neno kwa neno, anasema "les vieux esclaves". Ndugu zangu, hao ni watumwa wazee. Umewazeesha, na hukuwapa uhuru wao. Sema "les anciens esclaves", watu waliokuwa watumwa. Kwa jambo kama hili sikubali mtu aniambie kwamba mgeni ataelewa tu. Mgeni ataelewa ulichosema, na ulichosema ni kwamba minyororo bado ipo shingoni mwao.

Nikitoka hapo niingie kwenye neno la nyumbani, "propre".

Dada yangu ana nyumba ya wageni, vyumba vinne, maeneo ya Shangani. Mwanzoni wageni walikuwa wanalalamika kwamba nyumba nyingi za mjini mashuka hayafuliwi vizuri. Dada yangu ni mtu wa usafi, mashuka yake yanafuliwa, yanaanikwa darini juani, yanapigwa pasi mpaka kona. Akataka wageni wajue. Akaandika kwa Kifaransa kwenye karatasi, akaibandika nyuma ya mlango wa kila chumba: "Nous vous donnons nos propres draps."

Wiki ya kwanza wakaja mtu na mkewe kutoka mji wa Lyoni. Asubuhi mume akamfuata dada yangu jikoni, amekunja uso kwa haya, akamwambia: "Mama, tunakushukuru sana kwa ukarimu, lakini hamkuwa na haja ya kutupa mashuka yenu. Nyinyi mmelalia nini?"

Mmeelewa alivyosoma? "Nos propres draps" ni mashuka yetu wenyewe, ya kwetu, tunayolalia sisi. Yule bwana aliona familia nzima imelala kwenye godoro tupu kwa ajili yake. Na wageni wengine, ambao hawakuwa na haya ya kuuliza, pengine waliona kibaya zaidi: kwamba wamelazwa kwenye mashuka yaliyokwisha kulaliwa. Dada yangu ametangaza usafi, watu wamesoma kinyume chake!

Alichotakiwa kuandika ni "des draps propres". Nyuma: masafi. Mbele, hasa ikitanguliwa na "mon", "nos", "leur" na wenzake: ya mtu mwenyewe. "Sa propre chambre", chumba chake mwenyewe, hata kiwe kichafu namna gani. "Une chambre propre", chumba kisafi, hata kiwe cha nani. Kipimo chake ni neno "mwenyewe". Ukiweza kuliongeza kwa Kiswahili na maana ikabaki, "propre" inakwenda mbele.

Nasikia mtu anauliza kwa nini wasitumie maneno mawili tofauti wakatuondolea balaa. Lakini tazama vizuri, utaona mantiki ni ile ile ya kanisani Mkunazini. Usafi ni sifa inayochambua mashuka: haya masafi, yale machafu. Inakaa nyuma. Umiliki hauchambui shuka, shuka halibadiliki rangi kwa kuwa langu. Unakaza tu lile neno "yetu". Ndiyo maana unakaa mbele, umejibana na "nos".

Kwa hayo mengine nitapita haraka, maana mkiyashika haya mawili, mengine yanajileta.

"Seul". Dereva anakupigia simu usiku, anataka kujua alete gari gani kesho. Ukimwambia "j'ai une seule cliente", nina mteja mmoja tu, ataleta gari dogo. Ukimwambia "j'ai une cliente seule", nina mteja mwanamke anayesafiri peke yake, atakuuliza, na wengine wangapi? Mbele inahesabu, nyuma inaeleza hali ya mtu.

"Dernier" na "prochain". Ukihesabu kuanzia leo, weka nyuma: "la semaine dernière", wiki iliyopita, "lundi prochain", Jumatatu ijayo. Ukihesabu ndani ya mfululizo, weka mbele: "la dernière semaine du Ramadan", wiki ya mwisho ya Ramadhani, "le prochain bateau", boti inayofuata. Mgeni akiwa bandarini akakuuliza "c'est le dernier bateau?", anaogopa kubaki, anauliza kama hii ndiyo ya mwisho leo.

"Cher". "Mes chers amis", rafiki zangu wapenzi, hivyo ndivyo mnavyofungua matembezi. Viungo vya bei ghali ni "des épices chères".

"Grand" nataka niitolee tahadhari. Vitabu vyote vinaandika kwamba "un grand homme" ni mtu mashuhuri na "un homme grand" ni mtu mrefu. Ni kweli, na pale Panteoni, Paris, juu ya nguzo, wamechonga "Aux grands hommes la patrie reconnaissante", taifa linawashukuru watu wake wakubwa. Lakini msiinyoshe sheria hii kila mahali. "Un grand garçon" ni mvulana mrefu au aliyekwisha kukua, umashuhuri haumo. "Une grande femme" inaweza kuwa mwanamke mrefu tu. Neno "homme" ndilo linaloibeba ile maana ya heshima kuliko mengine. Kwa hiyo mkitaka kusema Sayyid fulani alikuwa mrefu wa kimo, semeni "il était grand", kivumishi kimekaa baada ya kitenzi, fitina imekwisha.

Na kuna vile vifupi mlivyofundishwa, "beau", "bon", "petit", "joli", "vieux", "jeune", "gros" na ndugu zao. Hivi kwa kawaida hukaa mbele na havina siri kubwa. Ni maneno ya kila siku, mepesi, ya hisia zaidi kuliko uchambuzi. "La vieille ville" ndio Mji Mkongwe, na "le Vieux Fort" ndio Ngome Kongwe. Hapo msitie "ancienne" mbele ya "ville" hata kidogo. "L'ancienne ville" ni mji uliokufa, kama magofu ya Gede kule pwani ya Kenya. Sisi humu tunakaa, tunapika, tunaanika nguo. Mji wetu haujawa uliokuwa mji.

Namalizia na mlango, maana hakuna siku mtapita bila kusimama mbele ya mlango wa kuchonga. Tuuchukue mmoja, wa mbao nzito, una njumu za shaba na nakshi za minyororo pembeni. Tujenge sentensi taratibu.

Kwanza nomino: "une porte". Umechongwa, hicho ni kitenzi kilichogeuka sifa, kinachambua, kinakwenda nyuma: "une porte sculptée". Ni mkongwe, na bado ni mlango, unafunguliwa na kufungwa kila siku. Mmoja wenu amenong'ona "une ancienne porte". Ulikuwa mlango, sasa ni nini? Meza? Ipo milango iliyogeuzwa meza katika hoteli za hapa, na ile kweli ni "une ancienne porte". Huu wetu ni "une vieille porte sculptée". Unaupenda, unataka mgeni auone kwa macho yako: "une belle vieille porte sculptée". Vifupi viwili vya hisia mbele, kinachochambua nyuma. Hivyo ndivyo Mfaransa mwenyewe angesema.

Na kama milango ni mingi? "Des portes sculptées." Lakini sifa ikitangulia, "des" hupungua ikawa "de": "de belles portes sculptées". Mtawasikia Wafaransa wenyewe mtaani wakisema "des belles portes", ni kweli, wanasema. Nyinyi mkiandika, hasa tangazo la nyuma ya mlango wa chumba, andikeni "de".

Sikio nalo lina kazi. Sifa ya mbele hushikana na nomino inayoanza na irabu. "Un grand arbre" husikiki ukisema gran-arbr, useme gran-tarbr, ile "d" imekuwa "t". "Beau" mbele ya irabu inakuwa "bel", "un bel endroit", na "vieux" inakuwa "vieil", kama yule rafiki yetu wa kahawa. Sifa ya nyuma kwa kawaida haivuti nomino namna hiyo. Mkisikiliza mazungumzo yao kwa makini, mtaisikia tofauti ya mbele na nyuma kabla hata hamjaielewa.

Mgeni akija kwa dada yangu siku hizi, nyuma ya mlango karatasi imebadilishwa. Imeandikwa kwa wino mweusi, mstari mmoja: "Draps propres tous les jours." Mashuka masafi kila siku. Chini yake, kwa mkono wake, ameongeza: "Bienvenue, chers amis."

Sasa chukueni maji kidogo, halafu tutoke wote mpaka Mkunazini. Kila mmoja atasimama mbele ya wenzake, atawaeleza pale palikuwa nini, na mimi nitakuwa yule mama wa Kifaransa.